Simu ya Siku ya Nne

Asubuhi ile ya Jumatatu, fundi wa meno alipoingiza ufunguo kwenye mlango wa karakana yake, alisikia maji yakichuruzika upande wa pili. Akadhani ameacha bomba wazi tangu Ijumaa, akaanza kujilaani kabla hata hajaingia. Bomba lilikuwa limefungwa vizuri. Maji yalitoka darini, kwenye nyumba ya wapangaji wa juu waliokuwa safarini, ambako bomba la bafuni lilipasuka wakati fulani mwisho wa juma bila mtu wa kulisikia. Ubao mmoja wa dari ulikuwa umeshaanguka. Wa pili ulikuwa umefura na kuning'inia, ukingoja saa yake.

Mama huyu hakuwa daktari wa meno. Madaktari ndio waliomtumia chapa za vinywa vya wagonjwa wao, naye, katika chumba kile cha chini chenye madirisha mawili, ndiye aliyetengeneza meno yenyewe: alimwaga plasta, akachonga nta, akapaka kauri tabaka kwa tabaka, akaoka. Mumewe alipenda kuwaambia watu kwamba mkewe anashinda kutwa nzima kati ya vinywa vilivyo wazi na hakuna hata kimoja kinachomjibu, ndiyo maana akirudi nyumbani anataka maongezi.

Ubao ulioanguka ulikuwa umeliangukia tanuri. Tanuri la kuokea kauri lilikuwa dogo, mtu angeweza kulikumbatia, lakini lilikuwa ndilo roho ya kazi yote. Alipokifungua kijimlango chake, maji yakamwagika miguuni. Chini ya meza, mashine ya kunyonya vumbi ilikuwa imesimama kwenye dimbwi. Yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga simu kwa kampuni yake ya bima, akaeleza, akapewa pole, akaambiwa asubiri mkaguzi. Akakata simu akiwa amepumua kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya bima, alijiambia. Miaka minane amelipia bila kudai hata mara moja.

Mchana akaja wifi yake, bila kuitwa.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa karani wa masjala mahakamani kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwembamba, mwendo wake wa mtu aliyechelewa, hakuweza kuingia kwa mtu bila kunyoosha kitu: pazia, kitambaa cha meza, kola ya kaka yake. Wifi na wifi hawa walikuwa wakisalimiana vizuri na kuagana vizuri, na katikati ya hapo hapakuwa na mengi.

"Umeshapiga simu bima?" wifi aliuliza akiwa bado mlangoni, ameinua sketi isiguse maji.

"Nimepiga."

"Umeongea na nani?"

"Na kijana mmoja, ana adabu sana."

"Huyo mwenye adabu ana jina?"

"Wifi, atakosaje jina?"

"Umeliandika?"

Fundi akaitazama simu mkononi mwake. Wifi akafungua mkoba, akatoa daftari gumu jeusi, bado lina karatasi ya bei ya duka. Inaelekea alilinunua njiani. Akalipangusa kwa kiganja, akaliweka juu ya rafu pekee iliyokuwa kavu.

"Sasa nisikilize, halafu unikasirikie baadaye. Kila simu, tarehe na saa. Namba uliyoipiga. Jina la aliyepokea na kitengo chake. Kabla ya kukata, uliza namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Siyo namba ya madai yako, hiyo haibadiliki. Namba ya simu yenyewe, kila simu ina yake. Umenielewa? Halafu andika alichosema kwa maneno yake, na alichoahidi, na siku aliyoahidi. Uandike hapo hapo, wino, usingoje jioni. Ukikosea piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, usifute. Na hata iweje, usichane ukurasa."

"Wifi, ni maji tu. Hakuna aliyeuawa."

"Masjala yangu imejaa watu waliokuwa na haki," wifi akasema, "na wakaulizwa, 'Nani alikuambia, lini?' wakaanza kutazama dari."

Wote wawili wakatazama dari. Kipande kingine kikadondoka.

* * *

Kwa shingo upande, fundi akaanza kuandika. Alipiga tena siku ya pili ili apate jina la yule kijana mwenye adabu. Siku ya tatu akapiga kuulizia mkaguzi. Aliwaandika wote kwa majina yao kamili kama walivyojitaja, na majina hayo yabaki humo humo daftarini. Kichwani mwake, hata hivyo, aliwapa majina mengine, maana wote walikuwa sauti tu. Kulikuwa na Bwana Sekunde Moja, aliyesema "sekunde moja mama" kisha akamwacha na muziki wa simu kwa robo saa. Kulikuwa na Sauti ya Asali. Na kulikuwa na Bwana Mafua.

Bwana Mafua alipokea siku ya nne, Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Fundi umeme alikuwa amesimama pale karakanani akingoja. Alikuwa ameshasema hatawasha umeme wa chumba kile mpaka tanuri liondolewe ukutani, na kwamba lenyewe halitengenezeki tena, maji yameingia hadi kwenye kiini. Mwenye nyumba naye alikuwa ameshasema hataki hata kikombe kibovu kwenye korido yake.

"Mama, kama fundi umeme amesema ni hatari," Bwana Mafua alisema, akapiga chafya, "samahani. Kama ni hatari, litoeni. Fundi aandike cheti chake. Wewe piga picha pande zote, bandua kile kibati chenye namba ya mashine, ukitunze. Halafu wape wa vyuma chakavu, huna haja ya kumsubiri mkaguzi kwa hilo."

"Kwa hiyo unaniruhusu?"

"Ndiyo, nimekuruhusu."

"Unaiandika hiyo kwenye faili langu?"

"Naandika sasa hivi, mama." Chafya. "Nimeandika."

Alimpa namba ya kumbukumbu ya simu ile, tarakimu tisa. Fundi akaisoma kwa sauti, Bwana Mafua akasema ndiyo hiyo. Simu ilichukua dakika kumi na moja. Pembeni, kwa mkono wake mdogo, fundi akaongeza: *ana mafua makali.* Kwa nini aliandika hilo, hakujua. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Ijumaa tanuri likaondoka kwenye mkokoteni.

Jumamosi akapigiwa na Sauti ya Asali, aliyetaka kupanga siku ya mkaguzi. Mwishoni, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, akasema, "Na tafadhali mama, chochote kilichobaki kisitoke humo ndani mpaka mkaguzi aone. Chochote." Fundi akasema sawa. Akaandika. Lakini mashine ya kunyonya vumbi ilikuwa imeanza kuota kuvu la kijani, harufu yake ilikuwa ikimshika kooni, na Jumatatu asubuhi alipopita mtu anayekusanya mitambo mibovu, akampa. Alimpa kwa hasira na kwa uchovu. Jioni hiyo akaandika, maana ndiyo ilikuwa ahadi aliyojiwekea: *Nimetoa mashine ya vumbi. Nilikuwa nimeambiwa nisitoe. Ilikuwa inanuka, nimeshindwa kuvumilia.*

Mkaguzi alifika Ijumaa, siku ya kumi na mbili. Alipima dari, akapiga picha ukuta, akauliza vitu viko wapi. Fundi akamwonyesha kibati, picha na cheti cha fundi umeme. Mkaguzi akavitazama, akasema ataandika alichokiona. Na ndivyo alivyofanya. Aliandika kwamba vitu viwili vikuu vinavyodaiwa hakuviona.

* * *

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki sita. Fundi aliisomea kibarazani, mkoba bado begani. Mteja, ilisema, amekiuka sharti la mkataba kwa kuondoa mali iliyoharibika kabla ya ukaguzi, bila idhini ya kampuni. Madai ya mitambo yamekataliwa.

Bila idhini! Akaingia ndani mbio, akafungua daftari, akaona Alhamisi yake na Bwana Mafua wake. Akaandika barua ya malalamiko siku hiyo hiyo, akataja tarehe, saa, jina, na ile namba ya tarakimu tisa. Akalala vizuri usiku huo, kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Kampuni ilichukua muda wake. Wakati huo wote karakana ilikuwa nusu hai. Aliweza kumwaga plasta na kuchonga nta, lakini kwa kuoka alilazimika kubeba kazi kwenye kisanduku hadi kwa fundi mwenzake upande wa pili wa mji, na kungoja zamu. Madaktari wawili wakaanza kupeleka kazi kwingine. Hawakusema. Mjumbe wao tu akaacha kuja.

Jibu lilipofika lilikuwa na aya moja ya maana: *Tumepekua faili la madai yako. Hakuna kumbukumbu ya simu yoyote ya tarehe uliyoitaja. Huu ndio uamuzi wetu wa mwisho. Usiporidhika, una haki ya kupeleka shauri lako ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya bima.*

Hakuna simu yoyote. Aliyasoma maneno yale mpaka yakaanza kumwingia. Akajiuliza kama aliota. Mtu akichoka, je, hawezi kusikia anachotaka kusikia? Labda Bwana Mafua alisema "usitoe" naye akasikia "toa". Labda aliandika Alhamisi mambo ya siku nyingine. Akaitazama ile namba. Tarakimu ya tano, ilikuwa moja au saba? Saba zake zilikuwa na kichwa kidogo, na hii ilikuwa na kichwa kidogo zaidi. Akachukua miwani. Akaipeleka dirishani. Mumewe akamkuta amelibana daftari puani.

"Mke wangu, utalimeza."

"Hii ni moja au saba?"

Mume akatazama kwa muda. "Inategemea," akasema, na mkewe akaanza kulia, na mume akajuta kufungua mdomo.

Wifi alifika kesho yake. Alisoma barua, akasoma daftari, akanyoosha kitambaa cha meza mara mbili.

"Wamepekua faili la madai," akasema. "Soma vizuri. Wametafuta kwa namba ya madai. Namba ya simu uliyowapa hawajaigusa. Kama huyo mwenye mafua alikosea faili, hawataiona mpaka kesho kutwa."

"Kwa hiyo ipo?"

"Sijui. Wapigie, uliza jambo moja tu. Rekodi za simu wanazitunza muda gani?"

Fundi akapiga, wifi kando yake, kalamu tayari. Aliyepokea hakuwa na shida na swali hilo. "Miezi sita, mama. Baada ya hapo mfumo unafuta wenyewe."

Hakuna aliyehitaji kuhesabu kwa vidole, lakini fundi alihesabu. Tangu Alhamisi ile ilikuwa imepita miezi mitano na siku tisa.

Zilibaki wiki tatu. Ofisi ya usuluhishi, kwa maelezo yake yenyewe, haikuwa ikimwita mtu chini ya wiki sita.

"Kaa hapa," wifi akamwambia, akimsogezea kiti. "Andika. Barua moja, ukurasa mmoja. Unaomba wasifute rekodi ya simu namba fulani, na ile nyingine yenye tarakimu ya tano saba, uziandike zote mbili. Sababu, shauri linakwenda kwa msuluhishi. Hiyo barua huitumi. Unaibeba mwenyewe mpaka dirishani kwao, unapigiwa mhuri kwenye nakala yako. Na kwa kampuni yako ya simu unaomba orodha ya simu ulizopiga mwezi ule. Hiyo haitasema mlizungumza nini, lakini itasema mlizungumza."

Siku iliyofuata fundi alisimama kwenye foleni ya mapokezi ya kampuni ya bima, barua mkononi imeanza kulowa jasho. Dada wa dirishani akaipokea, akaichungulia, akasema, "Hizi zinaenda chumba cha kumbukumbu," akagonga mhuri. Fundi akauangalia mhuri kana kwamba wino wake ungeweza kuruka. Nje, barazani, akaandika: tarehe, saa tano kasorobo, dirisha namba tatu, jina la dada.

Orodha ya simu ilikuja baada ya siku nne. Alhamisi, saa nne na dakika kumi, dakika kumi na moja. Aliigusa kwa kidole. Hakuwa ameota.

* * *

Sasa likabaki suala la nakala. Ofisi ya usuluhishi ilitaka vielelezo vyote, na fundi akaketi mezani Jumapili mchana na daftari, mume akimkatia vipande vya karatasi vya kuwekea alama kurasa za kutolewa nakala. Walipofika ukurasa wa Jumamosi na Jumatatu, mkono wake ukasita.

"Nini?" mume akauliza.

Akamsomea. Sauti ya Asali kusema chochote kisitoke. Yeye kutoa mashine ya vumbi.

Mume akakuna kidevu. "Barua zao zimetaja simu hii?"

"Hazijaitaja. Wanasema mitambo tu."

"Basi ruka. Toa nakala ya Alhamisi peke yake. Hawajauliza, wewe wa nini kuwapelekea fimbo ya kukuchapia?"

Aliliwaza hilo siku mbili. Wakisoma kwamba aliambiwa asitoe akatoa, si watasema ndiyo kawaida yake? Tanuri lote lingeweza kuzama kwa ajili ya mashine iliyoota kuvu. Akijaribu kuuona uso wa msuluhishi alimwona akifunga faili. Mwishowe akampigia wifi, akamweleza.

"Mimi ni karani," wifi akasema. "Karani hamwambii mtu apeleke nini. Ila mimi nikipokea daftari lenye kurasa zinazoruka, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye zile ambazo hazipo."

Fundi akatoa nakala ya kila ukurasa, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na ule wenye doa la chai.

* * *

Chumba cha usuluhishi kilikuwa kidogo kuliko alivyokiogopa: meza ndefu, viti sita, feni inayogonga. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Upande wa pili aliketi ofisa wa kampuni, kijana nadhifu mwenye kompyuta ya mapajani. Wifi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliruhusiwa kukaa nyuma, asiseme kitu, jambo ambalo lilionekana kumuuma kama kiatu kipya.

Siku hiyo ilikuwa miezi saba kasoro siku sita tangu Alhamisi ile.

Ofisa alianza. Kampuni inasikitika, alisema, lakini sharti ni sharti. Faili la mteja halina kumbukumbu ya idhini. "Na kuhusu hili daftari, mheshimiwa, kwa heshima zote kwa mama, daftari mtu anaweza kuliandika wakati wowote. Hata jana."

Fundi alihisi damu ikimpanda usoni. Msuluhishi akanyoosha mkono.

"Naomba lenyewe. Si nakala."

Akalipokea, akavaa miwani, akaanza kufungua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Feni ikagonga. Akanusa doa la chai. Akasimama mahali, akasoma, akarudi nyuma kidogo, akasoma tena. Kisha akasoma kwa sauti, "Nimetoa mashine ya vumbi. Nilikuwa nimeambiwa nisitoe. Ilikuwa inanuka, nimeshindwa kuvumilia." Akainua macho. "Haya ni maneno yako?"

"Ndiyo." Sauti ilimtoka ndogo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Ofisa alikuwa ameanza kuandika haraka. Fundi akakitazama kidole cha ofisa kikigonga vitufe, akajua ameshaimaliza kesi yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana ofisa," msuluhishi akasema, "mlikuwa na habari ya simu hii ya Jumamosi?"

Kijana akaacha kuandika. "Ipo kwenye faili, mheshimiwa. Hatukuona haja ya kuitaja."

"Ipo, na tarehe na jina ni hivi hivi alivyoandika?"

Akapekua. "Ndiyo. Na namba ya kumbukumbu."

"Na ya siku ya tatu? Na ya pili?"

Wakazipitia moja moja. Zote zilikuwepo, zote zililingana, kasoro moja ambayo fundi alikosea saa kwa dakika ishirini. Simu iliyokosekana ilikuwa ya Alhamisi tu.

"Sasa hiyo ya Alhamisi, mliitafuta kwa namba gani?"

"Kwa namba ya madai. Ndio utaratibu wetu."

"Hamkuitafuta kwa namba ya simu yenyewe, ambayo mama aliwaandikia mara mbili?"

Ofisa akarudi kwenye kompyuta yake. Msuluhishi akamwonyesha nakala ya barua yenye mhuri. Kijana akaisoma kwa mshangao wa kweli, na fundi akaona kwamba mtu huyu hakuwahi kuiona. Akaomba nafasi ya kupiga simu ofisini. Msuluhishi akampa nusu saa.

Ile nusu saa fundi hakuisahau. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono kati ya magoti. Wifi alisimama, akakaa, akasimama, akanyoosha tangazo lililopinda ukutani.

"Kama wamefuta?" fundi akauliza.

"Kuna orodha ya simu zako."

"Hiyo haisemi alisema nini."

"Haisemi," wifi akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akakaa karibu naye kabisa, bega kwa bega, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki. Fundi akaelewa kwamba wifi naye alikuwa na hofu, labda tangu siku ile ya maji.

Walipoitwa ndani, ofisa alikuwa amewasha kompyuta, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Mheshimiwa, rekodi imepatikana. Tarakimu ya tano ni saba. Chumba cha kumbukumbu waliizuia isifutwe walipopata barua ya mama, ila... hawakutuarifu sisi wa malalamiko. Na ilikuwa imeingizwa kwenye faili la mteja mwingine. Namba za madai zinatofautiana kwa tarakimu moja."

"Tuisikie."

Kwanza ilikuwa mlio. Kisha sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mwanamke aliyechoka, akijieleza. Kisha chafya. Msuluhishi akapitisha kidole kwenye ukurasa mpaka pembeni, palipoandikwa kwa mkono mdogo, akaitikia kidogo kwa kichwa. *Litoeni. Fundi aandike cheti chake... wape wa vyuma chakavu, huna haja ya kumsubiri mkaguzi... Ndiyo, nimekuruhusu.* Na mwisho, wazi kabisa: *Naandika sasa hivi, mama.*

Nyuma ya chumba wifi alitoa pumzi kwa kishindo, kisha akajifanya anakohoa.

* * *

Uamuzi wa maandishi ulichukua wiki tatu nyingine. Kampuni ilitakiwa kulipa tanuri kwa ukamilifu na kuomba radhi kwa kuchelewesha. Mashine ya vumbi, dai lilikataliwa, kwa sababu mteja aliiondoa akijua amekatazwa. Fundi alisoma sehemu hiyo mara mbili na hakukuta pa kubishia.

Tanuri jipya lilifungwa ukutani mwezi uliofuata. Daktari mmoja kati ya wale wawili alirudi, akimtania kwamba meno ya kule kwingine yalikuwa marefu kama ya farasi. Mwingine hakurudi, na fundi hakumfuata. Kwa muda mrefu bado simu ikilia mchana alitafuta kalamu kwa mkono kabla ya kuuliza nani anaongea. Mumewe alimcheka, kisha akaacha kumcheka.

Wifi alianza kupita Ijumaa baada ya kazi. Hakuwa na sababu yoyote ya kupita. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akivigeuzageuza vinywa vya plasta rafuni vitazame upande mmoja, huku fundi akipaka kauri na kumsimulia yaliyompata wiki nzima, na wifi, ajabu, akisikiliza mpaka mwisho.